Kubeba dumu la petroli kwenye gari: kutoka sheli hadi shambani

Habari zenu, karibuni. Leo tunapeleka petroli ya pampu ya maji shambani: dumu moja la lita 20, kwa pikapu. Mwenye gari dogo la buti naye asiondoke, nitamfikia.

Tuanze na dumu lenyewe. Lile la mafuta ya kula liache jikoni. Geuza dumu lako utafute maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki. Tazama hapa kwa karibu: kuna duara lenye herufi u na n, kisha 3H1/Y1.4/150/23. Hiyo 3H1 inasema ni dumu la plastiki lenye mdomo mdogo. Herufi Y ndiyo ninayoitafuta, maana inaonyesha dumu limepimwa kwa vimiminika vya hatari ya kati, na petroli imo humo. Ukikuta Z, petroli usiiweke. Ile 23 ni mwaka wa kutengenezwa, yaani 2023. Dumu la plastiki likizidi miaka mitano mimi nalitoa kwenye kazi hii, hata kama kwa macho bado zima. Halafu fungua kifuniko uangalie mpira wa ndani. Ukiwa umepasuka au umekauka, mvuke utapita hapo.

Tumefika sheli. Mwombe mhudumu kwanza, kwa sababu nyingi hukataa kujaza madumu. Akikubali, zima injini, shusha dumu, liweke chini sakafuni. Usijaze likiwa kwenye bodi wala ndani ya buti. Petroli inapopita kwenye mpira wa pampu huzaa umeme tuli, na dumu likikalia plastiki ya bodi au zulia la buti, umeme huo hauna pa kwenda. Cheche ndogo mdomoni mwa dumu inatosha kuwasha mvuke. Gusisha pua ya pampu kwenye mdomo wa dumu muda wote, na jaza polepole.

Ishia lita 19. Petroli hupanuka ikipata joto: ikipanda nyuzi 20, lita hizo 19 huongezeka kwa zaidi ya theluthi ya lita. Dumu lililojaa pomoni litavimba, halafu litaanza kutoka jasho kwenye kifuniko mkiwa njiani.

Funga, futa nje, kisha weka alama. Mimi hubandika pande mbili: kibandiko chekundu chenye umbo la almasi na mwali wa moto, na chini yake PETROLI, UN 1203, USIVUTE SIGARA. Namba hiyo zimamoto wanaielewa mara moja; dizeli ni 1202. Tumia wino ambao petroli haiufuti.

Sasa kupakia. Dumu lisimame wima, mdomo juu, lifungwe kwa kamba mbili ili lisitembee. Lifunike dhidi ya jua, lakini turubai liache nafasi pembeni hewa ipite. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutuama chini. Kwa gari dogo, hapo ndipo shida ilipo: buti haina pa kuutolea, na kwenye stesheni wagoni mnavuta hewa moja nao. Kama huna njia nyingine, beba dumu dogo, fungua madirisha ya pande zote, usitumie kiyoyozi kinachozungusha hewa ya ndani, na usilale njiani nalo.

Klorini ya unga ya kutibia maji isipande safari hii. Ikikutana na mafuta inaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Mtungi wa gesi nao usubiri siku yake.

Ukisikia harufu ya petroli mkiwa njiani, egesha mbali na watu, zima injini, shusha abiria wote na wasimame upande unaotokea upepo. Usiwashe taa wala simu karibu na gari. Petroli iliyomwagika ifunike kwa mchanga au udongo mkavu, na izuie isiingie mtaroni. Wenye ndoo na chupa wafukuze: Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikuwa wakichota petroli kwenye lori lililopinduka lilipolipuka, na zaidi ya mia moja walifariki.

Moto ukianza na bado ni mdogo, chukua kizimamoto cha unga, simama upepo ukiwa mgongoni, vuta pini, elekeza kwenye kitako cha moto na ufagie kushoto na kulia. Maji usimwage, yatatembeza petroli inayowaka. Kizimamoto kikae mbele kwa dereva, siyo nyuma karibu na dumu, vinginevyo hutakifikia. Kile kidogo cha gari huisha kwa sekunde chache tu. Kikiisha moto haujazimika, au ukishafika kwenye dumu, acha gari, ondokeni mita mia moja, na upige 114 kwa Tanzania. Waambie uko wapi, umebeba nini, na lita ngapi.