Chora mti wa damu kwenye karatasi moja (EPO usiiweke juu!)

Karibuni tena mezani. Leo nachora mti wa chembe za damu, mchoro ninaoupenda kuliko yote ya maabara. Chukua karatasi na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu.

Juu kabisa chora duara: seli shina, makazi yake ni uboho wa mfupa. Mwekee mshale unaomrudia mwenyewe, maana anapogawanyika lazima abakize wa mfano wake, la sivyo akiba itakwisha. Pembeni yake andika SCF. Vifupisho nitakavyoandika pembeni ya chembe, kama SCF na EPO, ni vichocheo, yaani protini zinazoiambia chembe iishi, igawanyike au ikomae. Sasa shusha matawi mawili, limfoidi kulia, mieloidi kushoto.

Limfoidi haraka haraka: chembe B hukomaa ubohoni, chembe T huhamia tezi ya thaimasi kifuani, na chembe NK, wauaji wa asili, hapa. Kwenye T andika IL-7. Tumemaliza upande huo.

Mieloidi: chembe nyekundu, megakaryosaiti anayemeguka kuwa chembe sahani, neutrofili, monosaiti... Samahani, mkono wangu unatia kivuli. Nasogeza taa. Mnaona sasa? Haya. Neutrofili mpe G-CSF, ndiyo ile sindano wanayochomwa wagonjwa chembe nyeupe zikishuka baada ya dawa za saratani.

Sasa shika kalamu nyekundu na usikimbie. EPO haiendi juu kwenye seli shina! Mimi niliiweka pale chuoni, kwenye mtihani, na bado inaniuma. EPO inakaa huku chini, kwenye chembe tangulizi za nyekundu. Kazi yake kubwa ni kuzizuia zisife kabla hazijakomaa.

Tazama majibu ya mgonjwa wa figo sugu. Himoglobini 7, chembe nyeupe sawa, chembe sahani sawa. Figo ndizo zinazotengeneza EPO nyingi mwilini. Zikichoka, EPO inapungua. Kama EPO ingekuwa inaisukuma seli shina, zote tatu zingeanguka pamoja. Imeanguka moja tu. Kwa hiyo, narudia, EPO chini, si juu.

TPO ni kinyume, na hapa ndipo wengi wanasahau: iandike mara mbili. Moja kwa megakaryosaiti, ya pili juu kwa seli shina. Kwa nini? Wapo watoto wanaozaliwa na kipokezi cha TPO kilichoharibika. Mwanzoni wanapungukiwa chembe sahani peke yake, wanatokwa na madoa ya damu kwenye ngozi. Miaka michache baadaye uboho wote unafifia, nyekundu na nyeupe nazo zinashuka, kwa sababu seli shina nazo zilikuwa zikiitegemea TPO ili zidumu.

Leta karatasi yako karibu na macho. EPO moja, chini. TPO mbili. Kama TPO yako ni moja, chukua kalamu nyekundu, ongeza ya juu sasa hivi kabla wino haujakauka.