Kutuliza kelele za presha bila kuchelewesha pampu: wastani na ukanda mfu

Habari za asubuhi, mafundi na wahandisi wenzangu. Leo tutashughulika na mfano mmoja tu, nao ni pampu ya kuongeza presha ya maji kwenye jengo la ghorofa. Transmita ya presha inapima bar 0 hadi 10 na kutoa mA 4 hadi 20. Mkondo huo unaingia kwenye kadi ya analogia ya PLC, PLC inakokotoa PID, na jibu linakwenda kwenye invata inayoendesha mota. Presha tunayoitaka ni bar 4.0. Tatizo ni lile mnalolijua: namba ya presha haitulii. Inaruka juu na chini, mota inapanda na kushuka mwendo, na ukisimama kando ya pampu unaisikia ikihema.

Wengi hukimbilia kuongeza kichujio. Wastani wa sampuli 6 haukutosha, basi anaweka 64. Namba kwenye skrini inatulia, lakini bomba likifunguliwa presha inaanguka na pampu inazinduka kwa kuchelewa, inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena. Ninachotaka tuelewane leo ni kwamba wastani unalipiwa kwa muda, na ukanda mfu, ule mafundi wanaouita dedibendi, unalipiwa kwa usahihi. Ukijua una kiasi gani cha kila kimoja cha kutumia, hutabahatisha.

Kwanza tuijue kelele yenyewe. Weka PID kwenye manyo, yaani mwendo wa pampu ukiwa umefungwa mahali pamoja, na hakikisha matumizi ya maji hayabadiliki. Rekodi presha kwa dakika 2, kwa kasi ileile ambayo programu inasoma. Tuseme namba inacheza kati ya 3.91 na 4.09, kwa hiyo kelele ni bar 0.09 kila upande. Kipimo hiki kifanywe kwenye manyo tu. Ukikifanya kwenye oto, utakuwa unapima kelele pamoja na pampu inavyoikimbiza kelele hiyo, na hutajua kipi ni kipi. Tena kuna jambo la kuangalia hapohapo: kama mchezo wa presha unapungua sana ukienda manyo, tatizo kubwa haliko kwenye sensa. PID ndiyo inayoyumbisha maji.

Sasa kelele hiyo ina maana gani kwa mota? Tuseme ukuzaji wa P ni asilimia 20 ya mwendo kwa kila bar 1. Bar 0.09 mara 20 ni asilimia 1.8. Kwenye invata ya Hz 50, hiyo ni Hz 0.9 juu na Hz 0.9 chini, bila hata tone la maji kubadilika. Ndiyo maana pampu inahema.

Kabla ya programu kuna waya. Kebo ya sensa isilale trei moja na kebo inayotoka kwenye invata kwenda kwenye mota, na wavu wake wa kinga uunganishwe kwenye ethi kwa namna moja inayoeleweka, mara nyingi upande wa paneli. Hilo sitalirefusha. Nataka nikae zaidi kwenye mtego unaofuata, kwa sababu hakuna wastani unaoweza kuutibu baadaye.

Umeme wetu ni wa Hz 50, yaani wimbi moja linachukua milisekunde 20. Chukulia programu inasoma kadi kila milisekunde 100, na wimbi la umeme limepenya kwenye kebo. Ndani ya milisekunde 100 yanapita mawimbi 5 kamili. Kama masafa ya gridi kwa dakika hiyo ni Hz 49.8 badala ya 50, kila sampuli inalikuta wimbi likiwa limesogea kidogo tu kuliko mara iliyopita. Ukiziunganisha sampuli hizo unapata wimbi la Hz 0.2, linalojirudia kila sekunde 5. Kwenye grafu linafanana kabisa na presha inayopanda na kushuka polepole. Wastani wa sampuli 6 unalipitisha kama lilivyo, na PID inalifuata kwa uaminifu wote.

Dawa yake iko kabla ya sampuli. Kwenye mipangilio ya kadi chagua kuzuia Hz 50, ili kadi ijumlishe mawimbi kwa milisekunde 20 kamili; nusu ya juu ya wimbi na nusu ya chini zinafutana. Gharama yake ni milisekunde 10 hivi za ucheleweshaji, bei ndogo sana. Kadi iliyoachwa kwenye Hz 60 haifuti vizuri, kwa hiyo mkiifungua mashine iliyotoka nchi ya Hz 60, angalieni hapo mapema.

Tukishafika hapo tunapanga bajeti ya muda. Tuseme tunataka presha ijirekebishe kwa muda maalumu wa sekunde 2. Kigezo kizuri cha kazi ni kwamba jumla ya ucheleweshaji wa vichujio vyote isizidi sehemu moja ya kumi ya muda huo. Hapa tuna milisekunde 200. Kwa kiasi hicho, mzunguko wa udhibiti unapoteza chini ya nyuzi 6 za akiba yake ya uthabiti, na urekebishaji wa PID uliokwishafanya hauharibiki.

Wastani unaosogea wa sampuli N unachelewesha kwa (N − 1) / 2 mara muda kati ya sampuli. Kwenye pampu yetu tunasoma kila milisekunde 50. Sampuli 6 zinachelewesha milisekunde 125. Sampuli 64 zinachelewesha sekunde 1.575, na hizo zinakula nyuzi 45 za akiba. Mzunguko uliokuwa na akiba ya nyuzi 60 unabaki na 15, na huko ndiko yumbayumba inakotoka.

Faida nayo ina kanuni yake. Kelele ya kubahatisha inapungua kwa kipeuo cha pili cha N. Sampuli 6 zinaipunguza mara 2.45, kwa hiyo bar 0.09 inakuwa 0.037 hivi. Ukitaka kuipunguza nusu tena, unahitaji sampuli 24, na ucheleweshaji unaruka kutoka milisekunde 125 hadi 575. Nusu ya kelele kwa zaidi ya mara nne ya muda. Biashara hiyo inaharibika haraka, na ndiyo sababu naona tuishie kwenye 6.

Kuna swali huulizwa sana: je, kichujio cha daraja la kwanza, kile cha y = y + a·(x − y), si bora zaidi? Ukichagua a = 2 / (N + 1), kinapunguza kelele ya kubahatisha sawasawa na wastani wa N, na kwa mabadiliko ya polepole kinachelewesha kiasi kilekile. Kinaokoa kumbukumbu, lakini mkia wake ni mrefu: wastani wa 6 unamaliza kusahau baada ya sampuli 6, chenyewe kinaendelea kukumbuka. Mkikitumia, tumieni namba za desimali. Kwa namba nzima, tuseme a ni 1/256, kugawanya tofauti kwa 256 kunatoa sifuri kila tofauti inapokuwa chini ya 256. Kwenye kadi ya hesabu 0 hadi 27648 kwa bar 10, thamani inaweza kukwama hadi bar 0.09 mbali na ukweli, na mtu akaanza kuilaumu sensa.

Miruko ya ghafla ni jambo jingine. Sampuli moja iliyopotoka kwa bar 1 inaacha kilima cha bar 0.17 ndani ya wastani wa 6 kwa milisekunde 300. Kwa hiyo kabla ya wastani weka kichujio cha wastani-kati wa sampuli 3: zipange, chukua ya katikati. Kinachelewesha sampuli moja, milisekunde 50. Jumla sasa ni 10 na 50 na 125, yaani 185. Bajeti imetosha.

Kelele iliyobaki, ile ya 0.037, tunaiachia ukanda mfu. Upana wake uzidi kelele hiyo kidogo: bar 0.04. Swali kubwa ni uwekwe wapi. Ukiuweka kwenye kipimo, kwamba presha isibadilike mpaka itofautiane kwa 0.04, PID inaona ngazi badala ya mteremko. Presha inaonekana imeganda, sehemu ya I inaendelea kujumlisha kosa la zamani, kisha ngazi inaruka na mota inapigwa teke. Matokeo ni kuyumba kusikokwisha. Uwekeni kwenye kosa, baada ya kutoa kipimo kwenye lengo, na mkumbuke kuutoa upana wenyewe. Hapa SP ni lengo, PV_f ni presha iliyochujwa, na DB ni upana wa ukanda:

```
e := SP - PV_f;
IF e > DB THEN
    e := e - DB;
ELSIF e < -DB THEN
    e := e + DB;
ELSE
    e := 0.0;
END_IF;
```

Mistari ile ya `e - DB` na `e + DB` ndiyo watu huisahau. Bila hiyo, kosa linaruka kutoka 0 hadi 0.04 kwa mkupuo, na kwa ukuzaji wetu wa 20 mwendo unaruka asilimia 0.8 kila kelele inapogusa ukingo. Ikiwepo, kosa linaanza kwenye sifuri na kukua taratibu, hata presha ikiwa imekaa ukingoni kabisa.

Gharama ya ukanda mtaiona kwenye skrini: I inasimama presha inapoingia ndani, kwa hiyo bomba likifunguliwa presha inaelekea kutulia karibu na 3.96, na likifungwa inaelekea 4.04. Kwa maji ya jengo hilo halina madhara. Kwa upande wa kasi, presha ikianguka kwa bar 0.5 kila sekunde, ukanda unapitwa ndani ya milisekunde 80. Ikishuka polepole, bar 0.02 kila sekunde, PID inakaa kimya sekunde 2. Yaani ukanda unachelewesha pale ambapo hakuna haraka.

Ukijaribu, sogeza lengo kutoka 4.0 hadi 4.4 na utazame, kisha funga na fungua vali ya kutokea maji. Ukiona yumbayumba, ongeza N kidogo kwa makusudi. Kama kipindi cha yumba kinarefuka na yumba inakua, hiyo si kelele, ni ucheleweshaji. Rudisha N chini.

Na ikiwa hesabu zote ziko sawa ila pampu bado nzito, tafuta vichujio vilivyojificha, kwa sababu ucheleweshaji unajumlishwa. Transmita ina mpangilio wake wa kutuliza. Kadi ina ulainishaji wake wa sampuli nyingi. Kama amri ya mwendo inakwenda kwa analogia, ingizo la invata lina kichujio, na mwendo wenyewe una rampu. Ukikuta transmita imewekwa sekunde 1, bajeti yetu ya milisekunde 200 imeliwa mara 5 kabla programu haijasoma sampuli hata moja.