Hesabu ya Watu na Hesabu ya Mahudhurio

Asanteni. Nimeombwa niseme jinsi mtu anavyoweza kudumu katika ufuatiliaji na tathmini, wakati mikataba yetu hufa pamoja na miradi. Miaka mitatu imekwisha, mfadhili kaondoka, nawe umerudi kutuma maombi. Vyeo mnavijua: unaanza na dodoso mkononi, unakuwa afisa takwimu, ukijaliwa unafika kuwa mtathmini wa kujitegemea. Sitakaa hapo. Nitawaeleza kazi moja.

Mradi ulilenga kufundisha wakulima 1,000. Taarifa ikasema wamefundishwa 1,200, na kila mtu akafurahi. Nikaomba madaftari ya mahudhurio. Vikundi vilikuwa 12, kila kimoja na watu 25, na kila kikundi kilikutana mara nne. Zidisha: 1,200. Waliyahesabu mahudhurio wakayaita watu.

Tukakaa siku mbili tukilinganisha majina. Hapo ndipo penye jasho, maana Mwanaidi Juma wa kikao cha kwanza huwa M. Juma kwenye cha pili, na kikao cha tatu amemtuma mdogo wake. Mwisho tulipata watu 340, kwa kuwa baadhi walikuwa wamepokezana nafasi. Lengo lililodaiwa kuvukwa lilikuwa limefikiwa kwa asilimia 34.

Hakuna aliyeiba. Kiashiria, yaani kipimo cha kuonyesha kama lengo limefikiwa, kilisema tu “idadi ya waliofundishwa”, na maafisa wa uwanjani walijaza walivyoelewa. (Ingawa kikundi kimoja kilikuwa na watu 25 kamili kila kikao, mvua inyeshe jua liwake, na sahihi zote zimelalia upande mmoja. Hicho tulikifuata hadi kijijini.)

Dawa yake ilikuwa ukurasa mmoja wa maelezo ya kiashiria. Aliyefundishwa ni mtu aliyehudhuria angalau vikao vitatu kati ya vinne. Anahesabiwa mara moja kwa mradi mzima. Ana namba yake ya usajili. Daftari linajazwa na mwezeshaji na kukaguliwa na mwingine kila mwezi. Ukurasa huo huandikwa kabla ya kikao cha kwanza. Ukiuandika mwaka wa pili, takwimu za mwaka wa kwanza hazilinganishiki na chochote, na hakuna programu ya kompyuta itakayozifufua.

Hata hivyo 340 haituambii kama mavuno yaliongezeka. Kwa hilo unahitaji takwimu za kabla ya mradi, na wakulima wasiofundishwa wa kulinganisha nao, kwa sababu mwaka wa mvua nzuri hata asiyefundishwa huvuna. Huo ni utafiti, na wengi wetu tunaufikia baada ya miaka mingi ya madaftari.

Siku hizi nikihoji waombaji kazi, huwapa kurasa nne za mahudhurio niwaambie wahesabu. Wengi hushika kalamu papo hapo. Namsubiri atakayeuliza: “Tunahesabu nini?”