Dakika Kumi za Kwanza: Mwalimu Mgeni Mbele ya Kidato cha Pili

(Mhadhara kwa wanachuo wa ualimu wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha)

Habari za asubuhi. Kaeni, tafadhali. Mliokaa huko nyuma kabisa, sogeeni, viti vya mbele vipo na mimi sing'ati.

Wiki ijayo mnakwenda shuleni. Maazimio ya kazi mmeandika, maandalio ya masomo yamesahihishwa, na kuhusu hayo sina la kuongeza. Nimeombwa nizungumzie kitu ambacho kwenye fomu ya tathmini kina kamstari kamoja tu: namna mwalimu anavyoingia darasani, anavyosalimia na anavyojitambulisha. Tujaalie darasa moja ili tuelewane. Kidato cha Pili B, shule ya kata, wanafunzi 64, kipindi cha Jiografia cha dakika 40, mara tu baada ya mapumziko. Wametoka kunywa uji na kucheza mpira, wana jasho, na wamekwishaambiwa kwamba leo kuna mwalimu wa fildi.

Hilo la mwisho lisiwashangaze. Mlishuka kwenye basi na mabegi, mkaulizia chumba cha kupanga, mkanunua ndoo. Kijiji kizima kinajua. Kwa hiyo usiingie ukijifanya umeajiriwa pale tangu zamani. Wanajua, na watakuona mwongo kabla hujafungua mdomo.

Kazi ya siku ya kwanza huanza siku moja kabla, kwa mwalimu mwenyeji, yule utakayempokea somo. Mwombe mambo mawili. La kwanza ni orodha ya majina, nitalirudia. La pili ni jinsi atakavyokutambulisha. Walimu wenyeji wengi ni watu wema, na kwa wema wao huo huingia nawe wakasema: "Huyu ni mwalimu wenu mpya. Atakayemsumbua, nileteeni jina lake, atanitambua." Yeye anadhani amekukinga. Darasa limesikia kingine kabisa, kwamba huyu hawezi kusimama peke yake. Mwombe kwa adabu aseme jina lako na somo lako, basi, kisha akuache.

Sasa uko mlangoni. Usipite kwa kasi kama unayekimbia mvua. Simama kidogo pale kwenye kizingiti, uwaone na wakuone. Watanyanyuka, na watakusalimu kwa Kiingereza, kwa pamoja, kwa ule wimbo mrefu mnaoujua kwa sababu nanyi mliuimba. Hapa ndipo ninapoona wengi wakiteleza. Mwanachuo anaitikia huku amegeukia ubao, dasta mkononi, anafuta maandishi ya kipindi kilichopita. Watu 64 wamesimama kwa ajili yake, naye anawapa mgongo! Acha ubao. Weka vitabu mezani, watazame, subiri wa mwisho anyanyuke, itikia kwa sauti inayofika nyuma, kisha waambie wakae. Salamu yao ikiwa legelege, usiwarudishe wasimame upya eti "hamjanisalimu vizuri." Nimeona ikifanywa mara nyingi. Darasa hugeuka jeshi kwa dakika mbili, halafu kila asubuhi unadaiwa mchezo uleule.

Nje ya darasa mambo ni mengine. Kwenye veranda utakutana na mvulana mrefu kuliko wewe, mmepishana miaka minne au mitano, naye atakuamkia shikamoo. Wanachuo huona aibu, wakajibu "poa" au wakacheka. Itikia marahaba, kamili, na umuulize habari za masomo. Kuna na yule atakayekurushia "mambo vipi, ticha" ili aone utafanya nini. Mjibu tu, "Salama, habari za asubuhi?" Umemsalimu kama mtu mzima anavyosalimu, hukumgombeza, na kesho mara nyingi atabadili mwenyewe.

Kujitambulisha kuwe kufupi. Andika jina ubaoni, sema unapenda uitwe vipi, somo gani utafundisha na mpaka mwezi gani. Historia ya maisha haitakiwi, wala ile sentensi ambayo sijui huwa inafundishwa wapi: "Mimi ni mpole, lakini mkinichokoza ni mkali sana." Mkali wa kweli hajitangazi. Jina la utani utapewa hata hivyo, kabla ya Jumatano, na kwa kawaida litakuwa limekupata barabara.

Halafu majina yao. Hapa nitakaa kidogo.

Kusoma majina 64 kwa utulivu kunakula dakika nne au tano, na wengine watawaambia ni kupoteza kipindi. Mimi nasema yasomeni siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo nafasi pekee ambayo kila mwanafunzi atasikia sauti yako ikimwita yeye. Ndiyo maana niliwaambia muombe orodha mapema. Kaa nayo jioni pamoja na mwalimu mwenyeji au monita, weka alama kwenye majina usiyoyajua. Aliyekulia Tanga akipangiwa Bukoba, jina kama Rwegasira litamsumbua ulimi, na aliyetoka Bukoba akienda Pemba naye atapata yake. Ukilikosea jina mbele ya darasa, litachekwa, na anayechekwa ni mwenye jina, si wewe. Likitokea, simama hapo hapo. Usicheke nao. Muulize mwenyewe, "Nimelitamka sawasawa?" Akusahihishe, ulirudie vizuri, uendelee. Darasa lenye watu 120, na yapo, soma safu mbili leo na nyingine vipindi vijavyo, ila waambie kwamba zamu yao inakuja.

Katikati ya majina ndipo jaribio la kwanza litakapokuja, karibu kila mara. Muhula mmoja nilikaa nyuma ya madarasa mawili katika shule moja, wanachuo wawili, na kwa wote wawili mvulana wa safu ya nyuma aliitika jina lake kwa sauti ya kuchekesha. Darasa likapasuka kicheko.

Mwanachuo wa kwanza, dada mmoja mwembamba wa sauti ndogo, alinyamaza mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Kisha akasema kwa sauti ileile aliyosomea majina mengine: "Sijakusikia vizuri. Nitakuita tena, uitike kama wenzako." Akamwita. Akaitika. Akaweka alama, akasoma jina linalofuata. Wa pili alikuwa ameingia na fimbo. Alimwita mvulana mbele, akamwuliza kama baba yake ni mchekeshaji, akampigisha magoti ubaoni hadi kipindi kiishe.

Mtu akipita dirishani angesema darasa la pili ndilo lenye nidhamu. Kimya kilikuwa kikubwa, kweli. Lakini kipimo chake kilikuja robo saa baadaye, alipouliza swali. Hakuna mkono hata mmoja. Kwa yule dada mikono ilikuwa minne, mmojawapo wa mvulana yule yule.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jacob Kounin, pamoja na mwenzake Paul Gump, waliwaangalia watoto wa chekechea katika siku zao za mwanzo shuleni, na hawakumwangalia aliyekaripiwa, bali waliokuwa wakitazama. Taarifa yao ilitoka mwaka 1958. Mwalimu alipoeleza wazi kosa ni lipi na kinachotakiwa ni nini, watazamaji waliongeza utulivu. Alipotumia ukali mtupu, hawakutulia zaidi. Walibabaika na kuacha walichokuwa wakifanya. Wale walikuwa watoto wadogo, sisemi Kidato cha Pili ni chekechea. Ila siku ya kwanza mbele ya mgeni, mtoto wa miaka 15 naye hutazama hivyo hivyo: akikosea mwenzangu anafanywa nini, maana kesho ni mimi.

Na kuhusu fimbo, niseme mara moja tu. Kanuni za mwaka 2002 zinazosimamia adhabu ya viboko katika shule za Tanzania zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Wewe uliye fildi humo haumo. Mtakuta walimu wanatembea nayo korido nzima kama fimbo ya mchungaji. Si kazi yenu kuwasahihisha, ni kazi yenu kuiacha ofisini. Mwalimu anayeingia na fimbo siku ya kwanza ameshasalimia kabla ya kusalimia.

Kanuni za darasa? Msiandike kumi ubaoni, hakuna atakayezisoma. Tangazeni moja: mtu akijibu, hatumcheki. Nawaambia kwa nini hiyo. Hawa wamesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, sasa wanajibu kwa Kiingereza wakitafuta maneno. Akichekwa mara mbili, hutamsikia tena mpaka mtihani wa taifa. Na usiitangaze mwanzoni kama hotuba. Ingoje. Kicheko cha kwanza kitakapotokea kwenye jibu la kwanza, iseme hapo, kisha mrudie aliyechekwa ummalizie sentensi yake.

Ikifika dakika ya kumi, tarehe na kichwa cha somo viwe ubaoni. Darasa linalosalimiwa vizuri halafu lisifundishwe huhisi limedanganywa. Swali lako la kwanza liwe ambalo wewe mgeni hujui jibu lake na wao wanalijua. Kama mada ni kilimo, uliza: mvua za kwanza hapa kwenu huanza mwezi gani, na mnapanda nini kabla? Uliza, kisha nyamaza. Mtafiti mwingine wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970 aligundua kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa sekunde moja hivi, kisha hujijibu au kumrukia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wasiozoea kujibu wakaanza kujibu. Sekunde tatu mbele ya macho 128 ni ndefu kuliko mnavyodhani. Hesabuni moyoni, na mikono iwe mezani, isichezee chaki.

Sasa mtanyanyuka wawili wawili. Mmoja atoke nje aingie, mwingine aongoze wenzake kusalimu, na mtu wa safu ya nyuma nitakayemnong'oneza ataitika jina lake vibaya kwa makusudi. Nataka nione mtafanya nini. Nani anaanza?