Mkanda Usiotengenezwa Tena: Jinsi ya Kuusaka Katika Mji wa Jirani

Mabibi na mabwana, karibuni. Mkanda huu nilioushika umetoka kwenye kompresa ya upepo. Mgongoni umepigwa namba ndefu ya kiwandani yenye herufi na tarakimu tisa. Ukiitaja namba hiyo dukani utajibiwa kwamba mashine hiyo ilishaachwa na spea zake hazitoki tena. Muuzaji hakudanganyi. Kilichokwisha, hata hivyo, ni ile namba. Viwanda vingi vya mashine havitengenezi mikanda. Hununua mikanda ya kawaida ya V kwa watengenezaji wa mikanda, kisha hupiga namba zao juu yake. Kwa hiyo kabla ya kutafuta duka, tafuta jina la pili la mkanda wako, lile linalojulikana na kila muuza mikanda.

Jina hilo lina sehemu mbili: umbo na urefu. Umbo ni rahisi. Pima upana wa mgongo kwa rula: milimita 10 ni Z, 13 ni A, 17 ni B, 22 ni C. Mkanda uliolika husoma pungufu kidogo, kwa hiyo ukiona 12 na ushee, hiyo ni A. Huu wangu ni A.

Kwenye urefu ndipo watu wanapokosea. Wengi huupima mkanda mkuukuu, nao umeshavutika, au umekatika na kipande kimepotea. Afadhali uipime mashine yenyewe. Chukua uzi usiovutika, uuzungushe kwenye ukingo wa nje wa puli zote mbili mahali mkanda unapopita, utie alama pale unapokutana, kisha uulaze kwenye futi kamba. Mkanda wa A ukikaa vizuri, mgongo wake huwa karibu sawa na ukingo wa puli, hivyo uzi unakupa urefu wa nje. Kwenye kompresa hii uzi unasoma milimita 1117. Kwa umbo la A, urefu wa ndani ni pungufu kwa milimita 50 hivi, yaani 1067. Gawanya kwa 25.4 upate 42. Mkanda wetu ni A42: umbo A, inchi 42 kwa ndani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo safari za bure zinapozaliwa. Mkanda wa vipimo hivyohivyo una majina mengine. Rafu moja itauita A42. Rafu nyingine itauita 4L440, ambapo 4 ni upana wa nusu inchi, yaani sehemu nne kati ya nane za inchi, na 440 ni inchi 44.0 kwa nje. Mwingine ataandika 13x1067 Li, Li ikimaanisha urefu wa ndani. Muuzaji akikwambia "ninao wa 44", muulize: 44 ya ndani au ya nje? Majina yote hayo yaandike kwenye karatasi moja kabla hujashika simu.

Kwenye karatasi hiyo ongeza jambo moja tu: mbadala unaokubalika. Huu haukisiwi, unapimwa kwenye nafasi za boliti za mota. Mkanda ukizidi inchi moja, mota hurudi nyuma karibu nusu inchi, milimita 13 hivi, kwa sababu mkanda una pande mbili. Pale uzi ulipopimwa, mota ya kompresa hii inaweza kurudi nyuma milimita 25 na kusogea mbele milimita 10. A43 inahitaji 13 nyuma, na zinabaki 12 za kukazia baadaye. Unafaa. A44 unamaliza nafasi yote, hautakazika. A41 unataka 13 mbele na zipo 10 tu, hauingii. Basi tunatafuta A42, na ukikosekana, A43. Mwingine wowote ni hapana, hata muuzaji akiapa.

Mtabishiwa pia kuhusu umbo. B ndani ya mfereji wa puli ya A hukaa juu juu na kulika kingo. A ndani ya mfereji wa B huzama na huenda ukagusa chini, na mkanda wa V unaogusa chini huteleza, kwani nguvu yake hutoka kwenye kubanwa mbavuni. Mkanda wa V wa umbo la SPA ndio mtego mkubwa: upana wake ni karibu sawa na A, lakini kina chake ni milimita 10 badala ya 8. Kwenye puli isiyo na kina utagusa chini. Wenye meno tumboni, ulioandikwa AX42, huo uchukueni bila wasiwasi. Ni A42 unaokunjika kirahisi zaidi.

Haya, mji wa jirani. Msianze na duka lenye jina la mashine yenu, maana huko mtakutana na ile namba iliyokufa. Anzeni na maduka ya beringi. Anayeuza beringi mara nyingi huuza pia sili za mafuta na mikanda, na huzungumza kwa vipimo. Wa pili ni wauza spea za mashine za shamba na za kusaga. Wa tatu ni mafundi wanaosuka mota. Hawa huenda wasiwe na mkanda, ila wanajua nani anao. Duka la spea za magari liwe la mwisho. Mikanda yao huandikwa mfano 13x1125 La, urefu wa nje, na uwiano wake na mfereji wenu lazima uonekane kwa macho.

Simuni, msiulize "mnazo spea za kompresa fulani?" Ulizeni hivi: "Habari za kazi. Natafuta mkanda wa V, A42, au A43. Naomba uushike mkononi unisomee maandishi ya mgongoni." Neno la kushika ndilo lenye kazi. "Upo" ya kwenye kompyuta au daftari inaweza kuwa ya mkanda uliouzwa zamani. Tena A na B hufanana sana masikioni kwenye simu, kwa hiyo mwombeni picha yenye rula juu ya mgongo. Asiponao, msikate simu kabla ya kumuuliza nani mwingine mjini anauza mikanda. Wauzaji hujuana kuliko orodha yoyote.

Mkifika, ukunjeni mkanda kinyumenyume polepole mbele ya mwanga. Mpira mzee huonyesha nyufa nyembamba kama nywele. Mkanda uliotundikwa msumarini miaka mingi hubaki na kona pale ulipoegemea, na kona hiyo itapiga kila mzunguko. Uacheni. Puli zenu zikiwa na mifereji miwili, nunueni mikanda miwili ya chapa moja na namba moja ya toleo. Duka likiwa na mmoja tu, huo haujatosha: mpya na mkuukuu ikipangwa pamoja, ule mfupi hubeba mzigo mkubwa zaidi na kukatika kwanza, na mtarudi mjini kwa safari nyingine.