Muhali wa Kukataa Kazini

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nataka tuuzungumze ule muhali unaotushika mwenzetu wa kazini anapotuomba jambo, tukaitikia "haya" kabla hajamaliza kusema.

Tuchukue mfano wa dada wa mapokezi kwenye hoteli moja Nungwi. Inakaribia saa kumi jioni, anajitayarisha kutoka. Simu inalia: "Shoga, nishikie zamu yangu ya usiku, leo tu." Moyo unamwenda mbio. Anajibu, "Haya, hapana tabu," na papo hapo roho inamtulia.

Kule kutulia ndiko kunakomfunga. Kila akikubali hofu humtoka, basi ubongo hushika kwamba kukubali ndiko kulikomuokoa. Kama kweli angenuniwa, hajui, maana hajawahi kungoja akaona. Hofu yenyewe ina asili. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake walipima ubongo wa watu waliotengwa katika mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, wakaona sehemu inayohusika na maumivu ya mwili nayo ikiamka. Na sisi visiwani mtu wa kazini ndiye jirani, ndiye utakayekaa naye hitmani. Kutengwa kwetu kunauma kweli.

Ndiyo maana dada huyu, akitaka kujizoeza kukataa, asianzie kwenye zamu ya usiku. Aanze na ombi ambalo hofu yake, kwa makisio yake, ni kama 3 kati ya 10: mwenzake anamtuma akamnunulie urojo wakati wa mapumziko. Asubuhi aandike anachokitarajia: "Nikikataa atanuna mpaka jioni," na anavyokiamini, tuseme 80 kwa 100. Ombi likija aseme, "Leo sitoki, samahani," kisha anyamaze.

Kunyamaza ndiko kugumu, na hapo wengi huteleza. Wanaongeza, "mwanangu anaumwa," mwenzake anajibu, "si bibi yake yupo?", na kukataa kumekwisha. Wengine hukataa vizuri, usiku wakatuma ujumbe wa kuomba radhi mara tatu. Hapo ubongo unasema ni zile radhi zilizookoa, na zoezi zima limepotea.

Jioni arudi kwenye karatasi aandike kilichotokea: "Alisema haya, akamtuma mwengine. Saa nane tulicheka pamoja." Akirudia kwa maombi ya namna hiyo, ile 80 huanza kushuka, ndipo apande kwenye ombi la 5. Moyo kwenda mbio si dalili ya kushindwa. Huweza kuchelewa kutulia hata imani ikiwa imeshaanza kubadilika. Na akinuniwa kweli, aandike pia, na muda ulivyochukua.

Kwa mkubwa wa kazi anayeweza kukukatia mkataba, hofu yako huenda inasema kweli, na zoezi hili halifai kuanzia hapo. Kwake utauliza: "Bosi, nina orodha ya wageni na hii ripoti, nianze na ipi, nyengine ingoje kesho?"