Ripoti ya Malwarebytes kwa Kijerumani: Kipi ni Kirusi, Kipi ni Taarifa Tu, Kipi ni Tangazo

Karibuni. Kwenye kioo mnaona laptopu ya mtumba iliyotoka Ujerumani. Windows yake ni ya Kijerumani, na Malwarebytes, programu ya kusaka virusi, iliposakinishwa ikafuata lugha hiyohiyo. Skani imekwisha, dirisha linasema vitu 14 vimekamatwa, na pembeni kuna kitufe kinachokuita ununue toleo la kulipia. Usibofye chochote bado. Tutaisoma ripoti hii mpaka tujue kila kimoja kati ya hivyo 14 ni nini, hata kama Kijerumani hukijui kabisa.

Kwanza, ondoka kwenye dirisha lenye rangi na vitufe, uende kwenye ripoti ya maandishi. Ndani ya sehemu ya skana tafuta neno Berichte, yaani ripoti. Kwenye baadhi ya matoleo utaipata chini ya Verlauf, yaani kumbukumbu. Fungua ripoti ya skani ya leo, bofya Exportieren, kisha uihifadhi kama faili la maandishi lenye mwisho wa .txt. Kuna sababu mbili za kufanya hivi. Maandishi unaweza kuyanakili na kuyatafsiri mstari kwa mstari bila kamera ya simu kukosea herufi. Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi: matangazo hukaa kwenye dirisha, hayaingii kwenye ripoti. Ukishaifungua ripoti kwa Notepad, biashara yote imebaki nje.

Sasa tazama sehemu ya muhtasari.

```
-Scan-Übersicht-
Scan-Typ: Bedrohungs-Scan
Ergebnis: Abgeschlossen
Erkannte Bedrohungen: 14
In die Quarantäne verschobene Bedrohungen: 0
```

Anzia kwenye Ergebnis, yaani matokeo. Abgeschlossen maana yake skani imefika mwisho. Ukikuta Abgebrochen, skani ilikatizwa njiani, na hesabu zinazofuata hazitoshi kukupa jibu; rudia skani kwanza. Kisha linganisha mistari miwili ya mwisho. Wa kwanza unasema vitisho vilivyotambuliwa ni 14. Wa pili unasema vilivyopelekwa karantini, yaani vilivyofungiwa pembeni visiweze kufanya kazi, ni 0. Hiyo 0 ndiyo ya kuangalia kwa makini: programu imeona, lakini haijagusa kitu. Watu wengi huona neno Quarantäne, wakadhani kazi imekwisha.

Chini ya muhtasari utakuta orodha ya mipangilio ya skani, na mmoja wa mistari yake husema Rootkits: Deaktiviert. Deaktiviert maana yake "imezimwa": skani haikutafuta rootkit, yaani virusi vinavyojificha ndani kabisa ya mfumo. Usishtuke, hakuna kirusi kilichokuja kuuzima utafutaji huo. Ndivyo programu inavyokuja ikiwa mpya.

Tushuke kwenye undani. Hapa mashine imepanga vitu kwa mahali ilipovikuta: Prozess ni programu zinazokimbia sasa hivi, Registrierungsschlüssel na Registrierungswert ni maingizo ya rejista, yaani ghala la mipangilio ya Windows, Ordner ni folda, Datei ni faili. Kwenye ripoti yetu, Prozess ina 0, na chini yake pameandikwa hivi:

```
(keine bösartigen Elemente erkannt)
```

Hapa tafsiri za haraka huwatia watu hofu, maana bösartig ni "chenye nia mbaya" na erkannt ni "kimetambuliwa". Lakini neno la kwanza, keine, ni "hakuna". Mstari mzima unasema hakuna kitu kibaya kilichoonekana. Ni habari njema. Neno hilohilo linarudi mwishoni mwa kila kitu kilichokamatwa, na huko habari si njema hata kidogo:

```
Keine Aktion durch Benutzer
```

Yaani mtumiaji hajachukua hatua yoyote. Kitu kimetajwa, na bado kipo palepale. Ukishakisafisha, mahali hapo pataandikwa In Quarantäne. Ukiona neno Neustart, kitaondoka pale utakapowasha kompyuta upya, kwa hiyo usiahirishe.

Sasa jina la kilichokamatwa. Habari njema kwa asiyejua Kijerumani ni kwamba jina la kitisho na njia ya faili havitafsiriwi. Ni vilevile ripoti iwe ya Kijerumani, Kifaransa au Kichina. Kila mstari umetenganishwa kwa mikato: mwanzo ni jina, kisha mahali, kisha hatua iliyochukuliwa. Soma jina mpaka nukta ya kwanza, na hapo utajua aina yake. Tuchukue mistari yetu 14.

Mistari 11 inaanza na PUP.Optional.Legacy. PUP ni programu isiyotakiwa: kiendelezi cha kivinjari, kibadilisha ukurasa wa utafutaji, kitu kilichopanda gari la programu nyingine ya bure. Ziangalie njia zake na utaona zote zinarudi kwenye folda moja ya Extensions ndani ya Chrome, pamoja na maingizo yake ya rejista. Maingizo 3 ya rejista, folda 4, faili 4. Hivi si virusi 11. Ni kiendelezi kimoja kilichohesabiwa vipande vipande. Kinakera, kinaweza kufuatilia unachotafuta, na kinafaa kuondolewa. Hata hivyo si sababu ya kulala na hofu wala ya kufomati mashine.

Mstari wa 12:

```
PUM.Optional.DisableMRT, HKLM\SOFTWARE\POLICIES\MICROSOFT\MRT|DONTOFFERTHROUGHWUAU
```

PUM ni badiliko la mpangilio. Kwa hiyo hapa hapana faili baya, kuna swichi iliyogeuzwa. Hii inazuia Windows Update kuleta kifaa cha Microsoft cha kuondoa programu hasidi. Swali la kujiuliza ni moja: nani aliigeuza? Kama laptopu ni ya ofisi na fundi wa ofisi amefanya hivyo kwa makusudi, iache. Kama ni yako na hujagusa rejista, iondoe, na mpangilio urudi kama kawaida. Mara nyingi swichi hii huachwa na programu za "kuharakisha Windows" au na kifaa kile tunachokwenda kukiona kwenye mstari unaofuata.

Mstari wa 13 ni HackTool.KMS, na njia yake ni C:\WINDOWS\AUTOKMS\AUTOKMS.EXE. Hiki ni kiwashio cha Windows au Office isiyo na leseni, na kwenye kompyuta za mitumba hakishangazi. Muuzaji atakwambia ni taarifa tu. Sisi hatukubaliani naye. Ni kweli jina hilo pekee halisemi kwamba kuna mtu anaiba nywila zako, lakini faili la namna hii hukimbia likiwa na mamlaka ya juu kabisa kwenye mashine, na vifurushi vyake husambazwa na watu wasiojulikana ambao mara kwa mara hutia kirusi ndani. Ukiliondoa, Windows au Office haitazima siku hiyo. Uwashaji wa namna hii, uitwao KMS, hudumu siku 180 bila kuhuishwa, kisha mashine itaanza kudai leseni. Panga mapema jambo la leseni, halafu ulipeleke karantini.

Mstari wa 14 ndio wa kusimamisha video:

```
Trojan.Agent, C:\USERS\PC\APPDATA\ROAMING\SVCHOST.EXE, Keine Aktion durch Benutzer
```

Jina linaanza na Trojan, yaani programu hasidi inayojifanya kitu halali. Angalia pia mahali. svchost.exe ni faili halali la Windows, lakini makazi yake ni C:\Windows\System32, na nakala nyingine SysWOW64. Svchost aliyejificha ndani ya AppData\Roaming ya mtumiaji amevaa jina la mtu mwingine. Jina na mahali vinathibitishana, na hapo hatuna shaka. Kama faili la aina hii lingekuwa ndani ya Downloads na hujawahi kulifungua, ungelifuta na mambo yakaisha. Likiwa Roaming, kuna kitu kililiweka hapo, maana yake kiliwahi kukimbia. Ile 0 ya Prozess inaonyesha tu kwamba wakati wa skani hakuna mchakato uliokamatwa. Haisemi kitu kuhusu jana.

Wakati mwingine utakutana na jina kama Generic.Malware/Suspicious. Hiyo ni dhana ya programu, haijalitambua faili kwa jina, na hapa ndipo programu halali ndogondogo huonewa. Kwenye mistari ya faili, mwishoni kabisa, kuna mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu 64. Huo ni alama ya kidole ya faili, SHA256. Unakili, ubandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha virustotal.com, bila kupakia faili lenyewe. Injini nyingi zikikubaliana na kutaja familia ileile, ni kirusi. Ikiwa ni moja au mbili tu kati ya sabini hivi, zikisema "suspicious" au "generic", na faili umelipata kwa mtengenezaji mwenyewe, huenda ni kosa. Subiri siku chache, upime tena.

Sasa rudi kwenye dirisha. Weka alama kwenye vitu vyote 14, bofya Quarantäne, uwashe kompyuta upya. Kuskani na kusafisha ni bure. Majaribio ya Premium hudumu siku 14. Yakiisha utaona taarifa kuhusu Echtzeitschutz, ulinzi wa papo kwa papo, kwamba umezimwa. Hilo ni tangazo la kibiashara lililoegemea ukweli: toleo la bure halilindi muda wote, lakini tangazo lenyewe halisemi kwamba una kirusi. Maneno Jetzt kaufen, Upgrade, Lizenz, abgelaufen na verlängern yote ni ya malipo. Hakuna hata moja linalotaja ugonjwa. Ulinzi huo ukishazimwa, hakikisha Microsoft Defender, kinga ya Windows yenyewe, imewaka.

Na kama ujumbe unaodai umeambukizwa unatokea pembeni chini ya kioo, ukiwa na jina la Chrome na anwani ya tovuti usiyoijua, huo haukutoka kwa antivairasi yoyote. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye Chrome, uondoe ruhusa ya tovuti hiyo.

Baada ya kuwasha upya, skani tena. Erkannte Bedrohungen sasa inapaswa kuwa 0. Trojani ikiondoka, badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine. Zile PUP 11 zikirudi peke yake zote kwa pamoja, usilaumu skana: akaunti ya Google ndiyo inayokirudisha kiendelezi kupitia usawazishaji wa Chrome. Zima usawazishaji, ingia chrome.google.com/sync, ufute data iliyohifadhiwa huko, safisha tena, ndipo uuwashe upya.